Mtoto wangu anatambaa sakafuni, na nyumba nzima inanuka dawa ya mbu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Mkubwa ana miaka mitatu na mdogo ana miezi minane, ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Tumepanga vyumba viwili, na mama mkwe anaishi nasi. Mbu ni wengi mno kwa sababu nyuma ya nyumba kuna mtaro uliotuama.

Mume wangu hununua kopo la kupuliza karibu kila baada ya wiki mbili. Saa mbili usiku, watoto wakishakula, hufunga dirisha na kupuliza chumba kizima, chini ya godoro na ndani ya chandarua, kisha tunaingia kulala baada ya dakika kama tano. Mama mkwe huwasha koili chini ya kitanda na kuiacha iwake mpaka alfajiri. Anasema koili haina kemikali, ni moshi tu, na amelea watoto sita kwa koili. Mtoto wangu mkubwa anakohoa usiku, lakini mchana anacheza vizuri.

Juzi nilianza kusoma maandishi madogo. Kopo moja lina tetramethrini na saipamethrini, jingine lina tetramethrini na fenothrini na ni ghali kidogo. Koili ya mama ina meperfluthrini asilimia 0.05, na duka la pili wana yenye aletrini asilimia 0.3 ambayo muuzaji anasema ndiyo kali. Jirani naye ameniletea dawa nyeupe ya kunguni kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina karatasi yoyote. Nimeiweka juu ya kabati.

Nikimwambia mume wangu kwamba dawa hizi zinaweza kuwadhuru watoto, ananiuliza kama nataka wapate malaria. Sina jibu. Nichague ipi, na nizungumze nao vipi bila kuonekana najifanya mjuaji?

Mama wa wawili, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Swali la mume wako ni la haki, na ningependa tuanze nalo. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata malaria anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja au mbili, na mimi niliyefanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi siwezi kumlaumu baba anayefunga dirisha na kushika kopo. Hata hivyo, swali lake linachukulia kwamba kila kinachoua mbu kinakinga malaria, na kwamba kinavyonuka zaidi ndivyo kinavyokinga zaidi. Hapo ndipo pa kutazama pamoja naye. Mtaro uliotuama, wenye maji machafu, huzaa zaidi mbu aina ya kuleksi, wale wanaoimba sikioni usiku kucha. Hao hueneza matende na mabusha, lakini hawaenezi malaria. Mbu wa malaria, anofelesi, hupenda maji yasiyo machafu sana na huuma zaidi usiku wa manane, wakati watoto wako tayari wamo ndani ya chandarua. Kwa hiyo wingi wa mbu unaowaona saa mbili usiku si kipimo cha hatari ya malaria, na kazi kubwa ya kuwakinga watoto na malaria inafanywa na chandarua, si na kopo.

Umefanya jambo ambalo wengi wetu hatufanyi, umesoma maandishi madogo. Majina uliyoyaandika, ukiyatazama tena kwenye kopo, yanaishia na herufi thrin. Hiyo ni alama ya ukoo mmoja wa dawa unaoitwa pairethroidi, na asili yake iko karibu nasi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa ni nakala za maabara za sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, yale yanayolimwa Iringa, Njombe na Mbeya, na ng'ambo ya mpaka huko Nakuru. Sumu ya pareto humwangusha mdudu upesi lakini huvunjika mara inapopigwa na jua. Mwaka 1949 wanakemia walitengeneza nakala ya kwanza, aletrini, hiyo hiyo iliyo kwenye koili ya duka la pili. Baadaye, mwaka 1973, ikapatikana permethrini, ambayo haikuvunjwa na jua kwa urahisi, na baada yake zikafuata nyingine zinazodumu hivyo hivyo, ikiwemo saipamethrini.

Historia hiyo fupi inakusaidia dukani kwa sababu imeugawa ukoo huu pande mbili. Wako wanaofanya kazi hewani na kuondoka, na wako wanaotua na kukaa. Jina lililo kwenye kopo linakueleza dawa itakuwa wapi baada ya mume wako kuliweka chini. Mtu mzima huishi juu, akikaa kitini na kulala kitandani. Mtoto wa miezi minane anaishi sakafuni, anaipangusa kwa magoti na viganja, kisha anaingiza viganja mdomoni, na kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko wewe. Kwa hiyo mimi, nikiwa na mtoto anayetambaa, nisingeanza kwa kuuliza ipi ni kali. Ningeuliza ipi itabaki sakafuni kesho asubuhi.

Tuyatazame makopo yako mawili kwa jicho hilo. Tetramethrini imo kwenye yote mawili, na kazi yake ni kumwangusha mbu ndani ya sekunde chache. Ukimchungulia mbu aliyeanguka utaona miguu yake ikitetemeka, maana mara nyingi bado hajafa, na kama dawa ni tetramethrini peke yake anaweza kuamka baada ya muda akaruka tena. Ndiyo maana watengenezaji huongeza dawa ya pili, ya kummalizia. Kwenye kopo la kwanza mmaliziaji ni saipamethrini, ambayo hukaa kwenye sakafu na kuta kwa majuma, hasa ndani ya nyumba ambako hakuna jua la kuivunja. Ndiyo sababu utaiona mara nyingi kwenye makopo yenye picha ya mende, kwa kuwa mende anatakiwa aikanyage siku kadhaa baadaye. Kwenye kopo la pili mmaliziaji ni fenothrini, ambayo haidumu kiasi hicho, na ni mojawapo ya dawa zinazopulizwa ndani ya ndege abiria wakiwa wamo, ili mbu wasisafirishwe kutoka nchi hadi nchi. Kwa mbu arukaye, sifa ya kukaa majuma sakafuni haikuongezei kitu kikubwa, ila inamwongezea mtambaaji wako siku za kuigusa. Huenda pia ukaona jina refu, piperonili butoksaidi. Lenyewe si sumu ya kuua mbu, bali humzuia mdudu asiivunje dawa mwilini mwake.

Nisikutishe kupita kiasi kuhusu saipamethrini. Mwili wa binadamu huzivunja dawa za ukoo huu na kuzitoa kwa mkojo ndani ya siku chache, na mtoto aliyegusa sakafu iliyopulizwa kwa kawaida hapati zaidi ya ngozi kuwasha, kupiga chafya au kukohoa. Ninachokiona ni kwamba mnapuliza mara nyingi, sehemu ambazo mtoto anazigusa muda wote, kwa dawa inayobaki. Ukikosa fedha ya kopo la fenothrini, namna ya kupuliza inaweza kupunguza mengi kuliko kubadilisha kopo, na nitarudi hapo.

Kabla ya hapo, chupa ile ya maji. Mwanangu, katika barua yako yote hii ndiyo iliyonifanya niweke miwani mezani. Dawa nyeupe kama maziwa, isiyo na karatasi, iliyomiminwa kwenye chupa ya kunywea, mara nyingi ni dawa ya shambani iliyopimwa rejareja, na hujui ukoo wake. Ikiwa ni pairethroidi, ni ya mkusanyiko wa shamba, mkali kuliko ya nyumbani. Ikiwa ni ya ukoo wa fosfati, wale ambao baadhi ya majina yao huishia na fos au vos, kama klorpirifosi na daiklorvosi, au ni ndugu zao wa ukoo wa kabamati kama propoksa, basi hiyo ni sumu ya neva inayomshika mtoto kama inavyomshika mdudu. Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka miwili aliyekunywa funda moja kutoka kwenye chupa ya namna hiyo. Mama yake alidhani ni mafua, kwa sababu mate yalikuwa yakimchuruzika na pua ikimtiririka, lakini jasho lilikuwa limemlowesha nguo yote, mboni za macho zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano, na kifua kilikuwa kikikoroma. Alipona, kwa kuwa mama alikuja mbio na alikuwa na chupa mkononi, nasi tukajua tuanze na atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Mtoto wako wa miaka mitatu anapanda kiti na anajua kwamba chupa ya maji ni ya kunywa, kwa hiyo juu ya kabati hapatoshi. Usiimwage kwenye mtaro wala chooni. Ifunge ndani ya mfuko, uiweke mahali penye kufuli, kisha umwulize afisa afya wa kata mahali pa kuipeleka. Kuhusu kunguni, mkiwa nao, anika godoro juani na mwagia chaga maji ya moto kwanza, maana kitanda anacholala mtoto si mahali pa kufanyia majaribio.

Na endapo mtoto yeyote atameza dawa ya aina yoyote, usimtapishe na usimpe maziwa. Makopo mengi yana mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na mtoto akitapishwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hilo huleta madhara makubwa kuliko dawa yenyewe. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni, umkimbize hospitali na kopo mkononi. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa nzima hata akilia.

Sasa koili ya mama. Mama mkwe anasema ni moshi tu, na ajabu ni kwamba kosa lake na ukweli wake vimo ndani ya maneno hayo hayo. Amekosea kusema haina kemikali, maana meperfluthrini ni pairethroidi kama zile za kwenye kopo. Lakini hebu tupime. Koili moja ina uzito wa gramu 12 hivi, na asilimia 0.05 ya gramu 12 ni miligramu 6. Kilichobaki, karibu gramu 12 zote, ni unga wa mbao, vifuu vya nazi, gundi na rangi, na chote hicho kinaungua polepole kwa saa saba au nane chini ya kitanda alicholalia mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya koili zilizouzwa China na Malaysia ulipima chembe ndogo za moshi, zile zinazoshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, ukakuta koili moja inatoa kiasi sawa na sigara 75 hadi 137. Kwa hiyo mama yuko sahihi kuliko anavyojua. Koili kweli ni moshi, na moshi huo ndio unaonitia shaka zaidi ya dawa iliyomo.

Hiyo inakujibu pia kuhusu yule muuzaji. Aletrini asilimia 0.3 si kali mara sita kuliko meperfluthrini asilimia 0.05, kwa sababu nguvu za dawa hizi hazilingani gramu kwa gramu. Aletrini ni ya zamani na huhitajika nyingi zaidi kufanya kazi ile ile, ilhali meperfluthrini na transfluthrini hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana. Asilimia hulinganishwa kati ya bidhaa mbili zenye jina moja la dawa, na zikitofautiana majina namba hizo hazisemi kitu. Ukihama kutoka koili moja kwenda nyingine kwa sababu ya jina la dawa, moshi utabaki ule ule. Kitu pekee ningependa uthibitishe kwenye pakiti, iwe ya koili au ya kopo, ni kwamba jina la kiambato amilifu limeandikwa na kuna namba ya usajili wa kiuatilifu, ambao kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Pakiti isiyosema ndani yake mna nini irudishwe rafuni, hata ikiwa na picha ya majani na neno asilia.

Kikohozi cha mtoto kinachokuja usiku na kuondoka mchana kinaweza kuwa cha moshi wa koili, kinaweza kuwa pumu inayoanza, na kinaweza kuwa jambo jingine kabisa, kwa hiyo ningependa asikilizwe kifua na mtaalamu. Lakini kuna jaribio ambalo ninyi wenyewe mnaweza kulifanya nyumbani. Kwa majuma mawili koili isiwashwe kabisa ndani ya chumba anacholala, chandarua kikiwa kimechomekwa vizuri chini ya godoro pande zote, na kila asubuhi uandike kama alikohoa na mara ngapi aliamka. Hatari ya jaribio hili ni chandarua chenye tundu au kilichochomekwa vibaya, maana hapo utakuwa umeondoa kinga moja bila kuwa na nyingine, kwa hiyo kikague kwanza kwa kukinyoosha mbele ya mwanga wa dirisha. Kama hakifai, mdogo wako yuko karibu kutimiza miezi tisa, na siku ya chanjo ya surua watoto hupewa chandarua kliniki. Kiulizie. Kikiwa kipya, kining'inize kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Dawa yake imeshikamana na nyuzi, na ndiyo maana ningemwomba baba aache kupuliza kopo ndani yake. Kupuliza huko hakukipi chandarua nguvu mpya, bali kunaweka dawa ya hewani na mafuta yake sentimita chache kutoka puani mwa watoto. Chini ya godoro ni hivyo hivyo. Godoro la sponji hunywa dawa, na joto la mwili wa mtoto huirudisha hewani usiku kucha.

Usimwombe mama mkwe aitupe koili. Mwombe ihame. Ukiiweka barazani, upande ambao upepo unautoa moshi nje badala ya kuuingiza, juu ya kishikio chake cha bati ndani ya sinia la chuma, itawasaidia watu wazima wanaokaa nje kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, saa ambazo hamjaingia kwenye chandarua. Wakati wa kulala izimwe, maana huko ndani haina kazi ambayo chandarua hakiifanyi. Hata mtu asiyejali moshi atakuelewa ukimwonyesha kaa la koili likiwa shubiri moja chini ya godoro la sponji na pindo la chandarua. Ipo pia ile ya maji, inayochomekwa kwenye umeme, yenye transfluthrini au pralethrini. Haina moshi, na kwa kifua kinachokohoa huo ni unafuu wa kweli, ingawa dawa bado inavutwa, kwa hiyo dirisha lisizibwe kabisa na kifaa kiwe mbali na kitanda na mahali ambapo mtoto hafiki, maana kichupa kile nacho ni sumu kikinywewa. Gharama yake na umeme wa kukatika mtaipima wenyewe.

Nikirudi kwenye kopo, hatua moja inayoweza kubadilisha mengi ni saa ya kupuliza. Jaribu kumshawishi baba, au ndugu aliyepo, apulize saa kumi na nusu jioni badala ya saa mbili usiku. Watoto watoke nje kabisa pamoja na bibi yao. Toa mkeka, vikombe na vile vitu vya kuchezea vinavyoingia mdomoni, funika ndoo ya maji, na hakikisha jiko halina moto, kwa sababu gesi inayosukuma dawa kwenye kopo hushika moto. Funga dirisha. Kisha soma lebo inasema sekunde ngapi kwa chumba cha ukubwa gani, maana watu wengi hupuliza mpaka harufu iwaridhishe, na harufu nyingi ni ya mafuta na manukato, si ya dawa. Chukua mfano wa chumba chako kikiwa na mita tatu kwa tatu na dari ya mita mbili na nusu, ambacho ni mita za ujazo 22 na nusu. Kama lebo inasema sekunde 10 kwa mita za ujazo 30, wewe unahitaji sekunde saba au nane. Anayepuliza aelekeze juu, kwenye pembe za dari, akirudi nyuma kuelekea mlangoni, atoke na kuufunga. Mruhusu dawa ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, ambao mara nyingi ni kati ya robo saa na nusu saa. Halafu fungua mlango na dirisha, mkae nje angalau nusu saa nyingine mpaka harufu iishe. Fagia mbu walioanguka kabla hawajaamka, na mwishowe pangusa sakafu anayotambaa mtoto kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kwa sababu matone yote yaliyokuwa hewani yametua hapo. Usijali kwamba unaifuta dawa. Kwa mbu wa hewani imeshafanya kazi yake.

Mnaingia sasa kabla ya saa kumi na mbili, mbu waliokuwa wamejificha nyuma ya kabati wameshakufa, na dirisha linaweza kufungwa au, bora zaidi, kuwekewa wavu. Wavu wa dirisha dogo hugharimu mara moja, ilhali mume wako ananunua kopo kila wiki mbili. Yeye ni mtu wa kuhesabu, kwa jinsi ulivyomweleza, kwa hiyo hesabuni wote makopo ya miezi mitatu na bei ya wavu, mkiziweka kwenye karatasi moja.

Kama baada ya kufuata lebo bado mnaona mbu wakiruka ndani ya chumba kilichopulizwa vizuri, msiongeze dawa. Mbu wa sehemu nyingi za Tanzania wamekuwa sugu kwa pairethroidi, anofelesi na kuleksi pia, na mbu sugu haulizi amepuliziwa mara ngapi. Anayeuliza ni kifua cha mtoto. Kabla ya kurudia kupuliza, angalieni matundu ya dari, mlango unaoachwa wazi jioni, na ndoo na makopo yanayotuama maji uani, ambako huzaliwa edesi, mbu wa mchana, wale waliowaletea wakazi wa Dar es Salaam homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Huyo chandarua cha usiku hakimzuii, isipokuwa mtoto akilala mchana umlaze humo humo.

Umeniuliza uzungumze nao vipi. Sidhani unahitaji kuwa mjuaji. Mama mkwe amelea watoto sita, na ukianza na kile alichosema yeye mwenyewe, kwamba koili ni moshi, ukamwomba akusaidie kusikiliza kikohozi cha mjukuu wake kwa majuma mawili bila moshi huo, utakuwa umempa kazi ya bibi badala ya kumpa kosa. Kwa mume wako unaweza kuanza na chandarua, kwa kuwa hapo mnakubaliana tangu mwanzo, ndipo uje kwenye saa ya kupuliza. Kati ya makopo mawili, kati ya koili barazani na ile ya umeme, mtachagua kwa mfuko wenu na kwa nyumba yenu mnayoijua ninyi. Chupa ya jirani peke yake nakuomba uishughulikie leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Uniandikie baada ya majuma hayo mawili unieleze mtoto alikohoa siku ngapi.

Shangazi